Dakika Tatu

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alinipigia simu siku kumi na moja kabla ya sherehe, nikiwa maktaba. Nikatoka nje kupokea. Alikuwa na sauti ya mtu ambaye ameshapiga simu ishirini tangu asubuhi na bado ana thelathini mbele yake.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyewakutanisha maharusi, siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Basi tumekupangia useme neno. Dakika tatu. Eleza walivyokutana, eleza ulichokiona kwao, kaa chini. Usitaje wapenzi wa zamani. Usitaje hela. Na lile la hospitali..." Akanyamaza kidogo. "Bwana harusi amenieleza. Pole sana kwa mzee. Lakini harusini hatuingizi msiba. Unanielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa, na kweli nilimwelewa. Nimekulia Morogoro, kwenye mtaa ambao harusi ikigongana na msiba, ngoma husogezwa mbele wiki nzima. Tatizo lilikuwa jingine. Maharusi hawa walikutana siku niliyokuwa nikimtafutia baba yangu damu, na baba yangu hakutoka hospitali ile akiwa hai. Ukiuondoa msiba kwenye hadithi yao, sikuona kinachobaki.

Kulikuwa na tatizo dogo la pili, la jina. Mimi si mshenga. Mshenga wa harusi hii alikuwa mzee mmoja wa Temeke, mtaratibu, ambaye alipeleka barua ya posa pamoja na kishika uchumba ndani ya bahasha, akarudi kufuata majibu, kisha akakaa na wajomba wa binti waliotoka Moshi akiomba mahari ipunguzwe huku akinywa soda moja kwa saa tatu. Kazi ya mshenga huanza pale ambapo wawili wenyewe wameshakubaliana. Kwa mtu anayewaunganisha kabla ya hapo, lugha yetu ina neno kuwadi, na hilo hulisemi mbele ya wajomba. Katikati ya mshenga na kuwadi sikupata neno. Kwenye ratiba iliyotumwa Watsapu niliandikwa tu "Rafiki, dk 3".

Ninasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na utafiti wangu unahusu viambishi vya wakati kwenye kitenzi. Nilidhani mtu wa namna hiyo ataandika hotuba ya dakika tatu kwa jioni moja. Rasimu ya kwanza niliisoma kwa sauti chumbani huku simu ikinipimia muda. Ilichukua dakika tisa, na nusu yake ilikuwa wodini.

*

Majina yao nitayaacha. Nitatumia yale tunayowaita.

Yeye tunamwita Babu tangu kidato cha tano, tulipolala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini, mimi juu. Alikuwa akilala saa tatu usiku, akiamka saa kumi alfajiri, akifua shati lake kila Jumatano, na akikopa hela alirudisha siku ile ile aliyoitaja. Matokeo ya kidato cha sita hayakumpeleka chuo. Akaenda Kariakoo, akakaa miezi minane kwa fundi simu bila mshahara, kisha akapata meza yake mwenyewe karibu na Mtaa wa Aggrey.

Binti tunamwita Katibu. Tulisoma naye shahada ya kwanza pale Mlimani. Katika kila kundi la mjadala yeye ndiye aliyeandika nani amefanya nini, na orodha zake hazikuwa na huruma. Kama hukusoma sura uliyopewa, jina lako lilibaki pale na mstari mtupu mbele yake.

Babu alikuwa wa shuleni na Katibu wa chuoni. Kwa miaka mitatu niliishi nao wote wawili Dar es Salaam bila kuwaza hata mara moja kuwaweka kwenye chumba kimoja.

Baba aliletwa Dar kwa rufaa kutoka Morogoro. Daktari alisema anahitaji kupasuliwa tumbo, na kabla ya kupasuliwa alitaka damu chupa tatu ziwe zimetengwa. Damu haiuzwi, lakini ndugu huombwa kuleta watu wa kurudishia kiasi kitakachotumika, ili benki isikauke. Hailazimu mchangiaji awe wa kundi moja na mgonjwa wenu, kwa sababu damu yake inaingia benki na kwenda kwa mtu yeyote inayemfaa, nanyi mnapewa iliyomfaa wenu. Hilo wengi hawalijui. Jioni ile niliwapigia simu watu kumi na sita, na sita kati yao waliniambia, "Mimi siyo kundi lake, ndugu yangu," wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado sijalijua kundi la Baba.

Babu alisema, "Saa ngapi?"

Katibu alisema, "Unahitaji wangapi, na umeshapata wangapi?"

Ninapoulizwa niliona nini kwao, haya ndiyo ninayoyakumbuka kwanza. Majibu mawili ya simu. Ila wakati ule sikuona chochote. Nilikuwa nahesabu chupa.

*

Mimi nilitoa chupa ya kwanza saa mbili asubuhi. Katibu alifika na bodaboda kutoka Changanyikeni kabla sijamaliza biskuti yangu. Wakampima. Mchangiaji anatakiwa awe na kilo hamsini kwenda juu, na mzani ukasema arobaini na saba. Akashuka, akavua viatu, akapanda tena, jambo ambalo ukilifikiria halina maana kabisa. Kisha akamuuliza nesi kama anaweza kupanda akiwa na mkoba.

"Dada, mkoba hautoi damu," nesi akamwambia.

Mtu aliyekataliwa kwenye mzani ana ruhusa ya kurudi nyumbani. Katibu alitoa daftari. Akaandika moja, mbili, tatu. Mbele ya moja akaandika jina langu. Mbele ya mbili akaandika lake, akalikata, akatoka nje. Alirudi na yule kijana wa bodaboda aliyemleta, ambaye alikuwa bado getini akisubiri abiria. Sijui alimwambia nini. Kijana alipanda mzani akiwa bado na kofia ngumu kichwani, akaambiwa aivue, akapimwa presha, wakamtoboa kidole na kudondosha tone la damu yake kwenye kile kimiminika cha buluu. Tone likizama, damu ina nguvu ya kutosha. Lake lilizama kama jiwe.

Babu alifika saa nne akitokea Kariakoo, na shati lake la Jumatano. Nilikuwa nimesahau jambo moja, nikalikumbuka nilipomwona uso. Babu anaogopa sindano. Kidato cha tano, siku ya chanjo, alianguka kwenye foleni akiwa bado na watu wanne mbele yake. Sindano ya kutolea damu ni nene kuliko ya chanjo, na haichomwi ikatolewa. Inakaa mkononi dakika kama kumi, mpaka mfuko ujae mililita mia nne na hamsini.

"Mwanangu, usiangalie," nikamwambia.

"Siangalii," akasema. Tayari alikuwa anaiangalia.

Wakaniita wodini kusaini fomu. Hapo ndipo nilipowakutanisha, na ninaweza kuyarudia maneno yote niliyotumia kwa sababu hayakuzidi kumi na mbili. Nilisema, "Katibu, huyu Babu, nilisoma naye. Babu, huyu Katibu. Narudi." Nikaondoka.

Yaliyofuata nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na tofauti ni ndogo. Katibu aliona jasho limemjaa Babu usoni. Hakumwambia ajikaze. Alitoa simu yake, ambayo kwa wiki mbili ilikuwa haipokei chaji mpaka uiegemeze kwenye ukuta, akamwonyesha upande wa mkono ambao haukuwa na sindano, akamuuliza, "Hii imekufa?"

Babu akaigeuza. Akauliza analala nayo wapi, anaiweka mfuko gani, chaja ni ya nani. Akaeleza kwamba simu nyingi zinazopelekwa Kariakoo kwa ugonjwa huo hazina ugonjwa. Tundu la chaji limejaa vumbi la mkoba, likashindiliwa kila unapochomeka waya, mpaka waya haufiki mwisho. Mafundi wengine hubadilisha kifaa kizima. Alikuwa bado anaeleza namna ya kutofautisha tundu lililojaa na lililovunjika wakati nesi alipomwambia, "Kaka, tumemaliza."

Walikwenda kwa mama lishe wa nje ya geti. Babu akaomba kijiti cha meno, akazima simu, akachokoa taratibu, likatoka donge la vumbi la kijivu. Akachomeka chaja ya mama lishe. Ikapokea.

"Shilingi ngapi?" Katibu akauliza.

"Hamna kitu. Ni vumbi."

"Kazi ni kazi."

"Kazi ni dakika mbili. Nikikutoza bei ya kifaa nitakuwa nimekuibia, na nikikutoza bei ya vumbi, bei yake siijui."

Katibu akalipia wali na maharage ya watu wawili. Nilipotoka wodini niliwakuta wanakula, yeye akiwa amefungua daftari. Mstari wa tatu ulikuwa umejazwa.

*

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, wote wawili waliingia kumsalimia Baba. Baba alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mbili, na hata akiwa amelala chali na mpira puani alikuwa anaziangalia nguo za watu kabla ya nyuso zao.

"Shikamoo Baba," wakasema.

"Marahaba. Poleni na safari."

Babu alisimama karibu na mlango, kama kawaida yake. Katibu akavuta kiti. Hakuuliza juu ya ugonjwa. Wageni wote waliotangulia walikuwa wameuliza, na Baba alikuwa amechoka kujibu. Yeye akasema, "Baba, nimesikia wewe ni fundi. Mtu akiingia dukani, fundi anaangalia nini kwanza?"

"Mabega," Baba akasema. Na kwa mara ya kwanza siku ile akataka kuinuliwa mto. Alieleza mabega mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

Walipokwisha kuondoka, Baba aliniuliza, "Yule kijana wa mlangoni, umemwona kola?"

Sikuwa nimeiona.

"Imegeuzwa."

Kwa wasiojua, kola ya shati ikilika pale inapokunjika shingoni, fundi anaweza kuifumua kutoka kwenye shati, kuigeuza, na kuishona tena upande wa ndani ukawa nje. Shati linapata maisha ya pili. Siku hizi hakuna anayeleta kazi hiyo, kwa sababu shati la mtumba ni rahisi kuliko ufundi. Baba alisema amekaa miaka kama kumi bila kuiona kola iliyogeuzwa.

"Na aliyeigeuza si fundi," akasema. "Mishono ya mkono. Kaigeuza mwenyewe." Akafumba macho. Nikadhani amelala. "Yule binti naye," akaendelea, "ana swali. Watu wengi hawana swali."

Walimpasua siku iliyofuata. Damu ilitosha. Alikaa siku tisa baada ya hapo, kisha akafariki alfajiri, mimi nikiwa kwenye benchi la nje nimesinzia.

Babu na Katibu walikuja Morogoro kuzika. Babu alishika daftari la rambirambi na hesabu haikupungua hata shilingi mia. Katibu aliosha vyombo na shangazi zangu, ambao mpaka leo wananiuliza habari zake.

*

Miezi saba baadaye nilipita mezani kwa Babu kubadilisha kioo cha simu. Aliniwekea kiti. Akafungua simu, akaondoa kioo, na bila kuinua macho akasema, "Mwanangu, mimi na Katibu tuko pamoja. Tangu mwezi wa nne. Nilitaka uisikie kwangu."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilihesabu miezi. Nilitoa hela ya kioo, nikasema hongera, nikapanda daladala, na njia nzima niliwaza jambo moja. Mimi kwenye ule ukumbi wa wachangia damu nilipoteza, wao wakaokota. Kila nilipowafikiria nilimwona Baba na mpira puani, na pembeni yake watu wawili wanakula wali na maharage. Kwa karibu miezi mitatu nilipokea simu zao moja kati ya nne. Hawakuniuliza kwa nini.

Kisha siku moja Katibu akaja mpaka chuoni, akakaa karibu nami kwenye benchi, akatoa kadi. Ilikuwa kadi ya mchangia damu, yenye jina lake na tarehe moja tu.

"Kaka, nina kilo hamsini na moja," akasema.

Alikuwa amekula kwa makusudi. Uji wa karanga asubuhi, maparachichi, ugali wa usiku ambao haupendi. Kila mwisho wa mwezi Babu alikuwa akimsindikiza kwenye mzani wa duka la dawa. Siku alipotoa damu, Babu alikwenda naye, akakaa kwenye kiti cha pembeni, akageukia ukutani.

"Lile daftari bado ninalo," akasema. "Jina langu limekatwa. Nilikuwa nalidaiwa."

Nilimwambia hakuwa anadaiwa na mtu. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wale ambao hawakusoma sura yao. Nikaelewa kwamba siku ile haikuwa yangu peke yangu. Walikuwa wameibeba na wao, kila mmoja kwa namna yake, na sehemu kubwa ya walichokuwa wakizungumza miezi yote ile ilikuwa ni hiyo. Hasira haikuisha pale pale. Lakini kuanzia siku ile nilipokea simu zote.

*

Rasimu ya pili ya hotuba niliondoa hospitali yote. Ilichukua sekunde arobaini na ingeweza kusomwa kwenye harusi ya mtu yeyote.

Kila nilipojaribu kumrudisha Baba, kitenzi kilinikatalia. Nikiandika "Baba alisema", ukumbi mzima utajua. Mama angekuwepo, meza ya nne upande wa kulia, na nilijua mkono wake utakwenda wapi akisikia ile *li*. Nikiandika "Baba anasema", nitakuwa nimedanganya mbele ya watu mia tatu, akiwemo mke wake.

Nililala nikiwa sijamaliza. Asubuhi, nikiwa napitia data za utafiti, nilifika kwenye *hu*. Ni kiambishi ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukipita haraka. Tunawaambia kinaonyesha mazoea: jua huchomoza mashariki, mtoto hulia. Hakikubali kiambishi cha nafsi mbele yake, na hakisemi lini. Hakisemi jana wala leo. Methali zetu nyingi hukikimbilia, kwa kuwa walizitunga watu ambao hawapo, na maneno yao yanaendelea.

Baba husema.

Niliandika sentensi hiyo nikaisoma kwa sauti. Haikuwa uongo. Nilichokisikia kwake mara mia bado nakisikia. Na ningeweza kusema pia "Mimi ni mtoto wa fundi cherehani", kwa sababu hilo kifo hakikulibadilisha. Nikafuta yote, nikaanza upya. Simu ikasema dakika mbili na sekunde hamsini.

*

Ukumbi ulikuwa Sinza. Ratiba ilisema nitazungumza kabla ya keki, lakini chakula kilichelewa, kwa hiyo mshereheshaji akanisogeza baada ya zawadi ili nizibe pengo. Alinipa kipaza sauti akisema, "Dakika tatu, siyo hotuba ya bajeti." Watu walikuwa na njaa. Wajomba wa Moshi walikuwa meza ya pili, wamekunja mikono. Nilijua bado kuna mmoja ambaye, tangu siku ya posa, alikuwa akiuliza kwa nini binti mwenye digrii aolewe na fundi simu.

Nikasalimia kwa utaratibu: mwenyekiti, wazazi wa pande mbili, maharusi. Nikasema kwamba nimeandikwa kuwa niliwakutanisha, lakini ukweli ni kwamba niliwatajia majina tu nikaenda zangu, na kwamba walikutana kwenye foleni ya kuchangia damu.

Mshereheshaji hakuweza kujizuia. "Kumbe damu zao ziliendana!"

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Nilipoteza sekunde kumi na tano na sikuzijutia.

Nikasimulia sindano. Nikasimulia mzani na mkoba, na shangazi zake Katibu wakapiga vigelegele kwa zile kilo arobaini na saba. Kisha nikawageukia wajomba, kwa heshima, nikasema:

"Wajomba zangu, mmesikia kwamba bwana harusi ni fundi simu. Nataka niwaeleze ni fundi wa namna gani. Siku ile bibi harusi alimpa simu iliyokufa. Hakumjua. Angeweza kumwambia kifaa kimeharibika, na hakuna mtu pale ambaye angebisha. Yeye alisema ni vumbi. Alichukua kijiti cha meno, akalitoa, na akakataa hela. Mimi nimemjua tangu shuleni, lakini siku ile ndipo nilipoelewa nimekuwa nikilala juu ya kitanda cha mtu gani.

"Na ninyi, upande wa bwana harusi, mmepata mtu ambaye akikataliwa haondoki. Anatafuta kazi nyingine ya kufanya pale pale. Orodha zake zina ukali, mtazizoea.

"Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Baba husema kwamba hakuna binadamu mwenye mabega yaliyo sawa. Kila mtu ana bega moja limeshuka, ama kwa kubeba mzigo upande mmoja, ama kwa kuzaliwa hivyo. Fundi asiyejua humwambia mteja asimame vizuri. Fundi anayejua hanyanyui mdomo. Hupima, hukumbuka ni upande gani, na wakati wa kushona koti huweka pamba kidogo ndani ya lile bega, ambapo hakuna atakayeiona. Mteja akivaa, anaona amekaa sawa. Baba husema siri ya mteja ni bega lake.

"Maharusi, ninyi wawili kila mmoja ameshaliona bega la mwenzake lililoshuka. Mliliona siku ya kwanza, mmoja akitetemeka kwa sindano, mwingine akiwa amekataliwa na mzani. Na hakuna aliyemwambia mwenzake asimame vizuri. Nilichokiona mimi ni hicho. Ahsanteni."

Mjomba mmoja alifungua mikono akapiga makofi. Sijui kama ndiye yule. Babu, kwenye meza kuu, alikuwa akiangalia kitambaa cha meza. Katibu alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, na niliona anajua kila nilichokiacha na mahali nilipokiacha. Mwenyekiti wa kamati aliniinulia kidole gumba kutoka karibu na mlango wa jikoni.

Sikuthubutu kuangalia meza ya nne mpaka chakula kilipofunguliwa. Nikapanga foleni, nikajaza sahani, nikaenda kusimama nyuma ya kiti cha Mama, nikianza kula pale pale kama mtu aliye na haraka.

Mama hakugeuka. Alikuwa anakata kipande cha kuku kwa uangalifu mkubwa.

"Husema," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akatafuna. Muziki ulikuwa umepanda, ikanibidi niiname kumsikia.

"Basi baba yako husema pia kwamba mtu halii chakula cha harusi akiwa amesimama." Akavuta kiti cha jirani yake kwa mguu. "Kaa."